Risiti mbili za korosho zimekuwa moja baada ya kufunguliwa kwa Excel, nilichomwandikia mwenzangu

KaraniWaMizani (Tandahimba)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni karani kwenye chama cha msingi, napokea korosho, napima, naandika risiti. Jana dada anayeshughulika na orodha za malipo kanipigia simu kwa hasira anasema nimeandika risiti moja mara mbili, kwa hiyo kamzuia mzee mmoja malipo yake mpaka nijieleze. Nikaangalia vitabu vyangu, hakuna risiti iliyojirudia. Kukaa na laptopu usiku ndo nikaelewa kilichotokea, nikamwandikia ujumbe mrefu kwenye wotsapu. Naubandika hapa nimeutoa mambo ya ofisi, wenye utaalamu mnisahihishe kabla sijaaibika:

"Dada shikamoo. Kuhusu ile 451. Sio risiti moja, ni mbili. Kituo cha kwanza bado wanatumia vile vitabu vya zamani vyenye namba za tarakimu tano, kituo cha pili walipewa vitabu vipya vya tarakimu sita. Kwa hiyo kuna risiti 00451 ya kilo 186 na kuna risiti 000451 ya kilo 92, watu wawili tofauti, siku tofauti. Mfumo umezitoa vizuri kabisa, faili lenyewe nimelifungua kwa Notepad linasomeka hivi:

```
risiti,tarehe,kilo
00451,2024-11-14,186
000451,2024-11-20,92
```

Sifuri zote zipo. Zimepotea pale ulipolidabo kliki likafunguka kwa Excel. Hilo faili la CSV ni maandishi na koma tu, hamna mahali linasema hii ni namba ya kuhesabu na hii ni jina. Kwa hiyo Excel inabuni yenyewe, ikiona kitu kina tarakimu tupu inakichukua kama kiasi, na kwenye kiasi sifuri za mbele hazina kazi, kilo 00186 na kilo 186 ni mzigo uleule. Sasa risiti sio kiasi dada yangu, ni jina limeandikwa kwa tarakimu. Huwezi kujumlisha risiti mbili ukapata ya tatu. Ila Excel haijui, imeona 451 na 451.

Ukitaka kuhakikisha angalia kolamu ya risiti, namba zimeegemea kulia, hiyo ni dalili kwamba imeshazifanya za kuhesabu. Zikiwa maandishi zinakaa kushoto. Na tafadhali ukifunga likikuuliza kusevu bonyeza Don't Save, maana ukisevu unaandika 451 juu ya faili la asili na hapo hata Notepad haitakuonyesha kitu. Mzee wa kilo 92 naomba umwachie, hana kosa."

Ndo hivyo. Nimekosea wapi?

---

Mtoto wa Mikindani

Mkuu umezunguka sana. Chagua kolamu yote, bonyeza kulia, Format Cells, chagua Text, OK. Sifuri zinarudi. Mimi nafanya hivo kila siku.

---

KaraniWaMizani

@Mtoto wa Mikindani nimejaribu sasa hivi, zimehamia kushoto kweli lakini bado ni 451 na 451.

---

FundiNachingwea

Hazirudi hizo. Kubadilisha fomati baada ya faili kufunguka ni sawa na kubadili lebo ya gunia ambalo limeshamwagwa. Excel ilipofungua ilichukua 451 ikatupa zile sifuri, haikuziweka pembeni mahali zikusubiri. Text inafanya kazi ukiiweka KABLA data haijaingia, yaani karatasi tupu, unaifanya kolamu Text, halafu ndo unaandika au unapesti. Nadhani Mtoto wa Mikindani ndivyo anavyofanya, anaandika kwa mkono kwenye karatasi yake aliyoiandaa, ndo maana kwake inakubali.

Karani ujumbe wako uko sawa. Mimi ningeongeza kitu kimoja tu, mwambie na njia ya kulifungua vizuri, maana kesho atadabo kliki tena.

---

Mtoto wa Mikindani

Ok hapo kweli, mimi naandikaga mwenyewe. Lakini kuna Custom, unaweka 00000, hiyo zinarudi nimeiona kwa macho.

---

FundiNachingwea

Zinaonekana, hazijarudi. Ukiweka 00000 kwenye Custom Excel inakupakia rangi juu, ndani bado 451. Bonyeza kwenye seli uangalie ule mstari wa juu wa fomula utaona 451 tupu. Na kwa kesi ya huyu bwana ni hatari zaidi, kwa sababu zile mbili zote zitaonekana 00451, sasa umetengeneza risiti ambayo mzee wa kilo 92 hajawahi kuishika mkononi. Bora hata 451 inayokutia shaka kuliko 00451 ya uongo.

---

Mama Korosho Newala

Jamani samahani naomba kuuliza, mimi ni mkulima tu. Risiti yangu imeandikwa na sifuri mbele, sasa kwenye orodha ubaoni pale chamani nimeona namba bila sifuri. Ina maana ile karatasi yangu ya nyumbani haifai tena? Nimeiweka kwenye sanduku na vitenge.

---

KaraniWaMizani

Mama shikamoo. Karatasi yako haijaguswa na mtu, inafaa, iache hapohapo kwenye sanduku. Tatizo liko kwenye orodha iliyochapwa. Ukienda nenda nayo ukamwonyeshe karani, na aangalie pamoja na kilo na tarehe, asiangalie namba peke yake.

---

Mama Korosho Newala

Marahaba mwanangu. Basi nimeelewa, mzee kanitisha bure.

---

FundiNachingwea

Haya njia ya kufungua. Nimeiandika taratibu mwambie afuate hivihivi.

Usiliguse faili. Fungua Excel tupu kwanza. Nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili. Itakuja picha ya majaribio, na hapo utaona sifuri zimeshakatika, usiogope, bado hujapakia kitu. Chini bonyeza Transform Data. Litafunguka dirisha lingine, kwenye kichwa cha kolamu ya risiti pembeni kuna alama ndogo ya 123, ibonyeze, chagua Text. Sasa HAPA ndo watu wengi wanaharibikiwa. Kitatokea kiboksi kinauliza Replace current au Add new step. Chagua Replace current. Ukichagua Add new step maana yake unamwambia kwanza geuza namba kama ulivyofanya, halafu ndo ugeuze maandishi, kwa hiyo utapata maandishi ya 451, zimeegemea kushoto vizuri, utafurahi, na sifuri hamna. Ukishamaliza Close & Load.

Kule mwanzo kuna kitufe kingine, Data Type Detection, unaweza kuchagua Do not detect data types, hiyo inaacha kila kitu maandishi, ni rahisi zaidi. Ubaya wake hata kilo zinakuwa maandishi, ukija kupiga SUM unapata 0 na simu zinaanza upya. Mimi napenda ile ya kugusa kolamu moja tu.

Kama ofisini kwao bado wana Excel ya zamani sana, badilisha jina la faili mwisho iwe .txt badala ya .csv, halafu ifungue kupitia Open ya ndani ya Excel. Litakuja dirisha la hatua tatu. La pili unamwambia zinatenganishwa kwa koma, la tatu unabonyeza kolamu ya risiti unachagua Text, Finish.

---

Kilwa Finest

Mimi natumia LibreOffice sina hizo shida, ukifungua tu inakuuliza yenyewe kila kolamu iwe nini. Hameni huko.

---

FundiNachingwea

@Kilwa Finest inakuuliza kweli, lakini ukibonyeza OK bila kuangalia inakata sifuri vilevile. Nimeyaona hayo.

---

Afisa Ugani Mstaafu

Vijana mada nzuri, ngoja niwape yangu. Mwaka fulani tulikuwa tunaandaa orodha ya wakulima wa kugawiwa salfa, kila mtu na namba yake ya NIDA. Tukaletewa faili, kijana akafungua, namba zikawa zinaonekana 1.97E+19 hivi, akasema ni kolamu nyembamba tu, akaipanua, bado, akabadilisha fomati ikawa namba ndefu safi, tukafurahi, akasevu. Kuja kuhakiki, kila mkulima namba yake inaishia na sifuri tano. Kata nzima! Nikasema hawa wote wamezaliwa na sifuri tano? Sasa hii si ndo tatizo lako kinyume chake, wewe sifuri zimepotea sisi tumeongezewa?

---

FundiNachingwea

Mzee wangu hiyo ni ndugu ya hii lakini ina roho mbaya zaidi. Excel kwenye namba ya kuhesabu inashika tarakimu 15 za mwanzo tu, zinazobaki inaweka sifuri. NIDA ina tarakimu 20, kwa hiyo tano za mwisho ndo zinageuka. Chanzo ni kilekile, jina limechukuliwa kama kiasi. Ila tofauti ni hii, sifuri ya mbele ikipotea unaweza ukaikisia ukijua urefu, lakini zile tano za mwisho zilikuwa tarakimu halisi, na hakuna fomula duniani itakayojua zilikuwa ngapi. Mlirudije?

---

Afisa Ugani Mstaafu

Tulirudi vijijini na daftari. Wiki nzima na pikipiki. Baadae tukawa tunaandika NIDA na vistari vyake katikati kama ilivyo kwenye kitambulisho, haijasumbua tena.

---

FundiNachingwea

Vistari vinaifanya isifanane na namba ya kuhesabu, ndo maana inaachwa kama ilivyo.

---

Bodaboda Lindi Mjini

Namba za simu je? Maana orodha yetu ya kikundi cha kuweka na kukopa zote zimekuwa 7 kwanza, 0 imeenda.

---

FundiNachingwea

Hizo rahisi, zote za hapa zilikuwa tarakimu kumi na sasa ziko tisa, sifuri moja tu imetoka kwa kila mtu. Kolamu ya pembeni andika

```
=TEXT(B2,"0000000000")
```

ivute chini basi. Hii tofauti na Custom, hii inatoa maandishi ya kweli yenye sifuri. Inakubali kwa sababu urefu ni mmoja kwa wote. Kama kuna aliyeandika kwa 255 mtoe pembeni umwangalie kivyake.

---

KaraniWaMizani

Wakuu nimerudi. Nimefanya ile Transform Data na Replace current, sifuri zimekuja zote, 00451 na 000451 naziona kwa macho yangu. Nikampelekea dada. Saa moja baadae kapiga: "bado zinajirudia". Nikamwambia haiwezekani, kaniletea picha ya skrini. Ameweka hii pembeni:

```
=COUNTIF(A$2:A$900,A2)
```

na kwenye zote mbili inatoa 2. Nimejaribu na kwangu, kweli 2! Zimeegemea kushoto, LEN ya moja inatoa 5 na ya nyingine 6, lakini COUNTIF inasema ni kitu kimoja. Nimeishiwa nguvu, na yeye sasa anaona kama namzungusha.

---

Mtoto wa Mikindani

Kuna spesi hapo imejificha. Tumia TRIM.

---

FundiNachingwea

Sio spesi, kungekuwa na spesi hiyo LEN ingezidi. Afadhali umeleta hili maana nililisahau na lishanipotezea siku nzima huko nyuma.

COUNTIF yenyewe ina tabia ileile. Ukiipa kitu cha kutafuta chenye sura ya namba, inakigeuza kiwe namba kimyakimya halafu inatafuta chochote chenye thamani hiyo, hata kama ulikihifadhi kama maandishi. Kwa hiyo kwenye seli sifuri zipo, ila wakati wa kulinganisha inazitupa. Na wale wa NIDA COUNTIF itawaambia watu wawili ni mmoja kama tarakimu 15 za mwanzo zinafanana, hata kama seli ziko salama kabisa.

Mwambie atumie hii:

```
=SUMPRODUCT(--(A$2:A$900=A2))
```

Alama ya = inalinganisha maandishi kwa maandishi, "00451" na "000451" kwake ni vitu viwili. Ikitoa 1 risiti iko peke yake. Ikitoa 2 hapo ndo mzungumze kuhusu kujirudia.

---

KaraniWaMizani

Imetoa 1 na 1!! Aisee. Nimemtumia. Kajibu "ok" tu, lakini mzee wa kilo 92 ameingizwa kwenye orodha ya wiki hii.

Kuna na kitu kingine, kwenye kolamu nzima zimetokea pembetatu ndogo za kijani kwenye kona. Ni kosa?

---

FundiNachingwea

Sio kosa, Excel inakuonya kwamba kuna namba imehifadhiwa kama maandishi. Ndicho tulichokuwa tunakitaka. Ukiibonyeza inakupa Convert to Number, na mtu msafi asiyependa vidoa atazichagua zote abonyeze. Sifuri kwaheri. Mwambie dada asizisafishe, achague Ignore Error kama zinamkera.

---

Binti wa Masasi

Nimesoma kimya toka mwanzo. Kwenye Excel mpya ya kulipia kila mwezi kuna sehemu ya kuzima hii tabia, File, Options, Data, chini kuna Automatic Data Conversion, toa tiki kwenye Remove leading zeros and convert to a number. Mimi nimezima, nadabo kliki CSV na sifuri zinabaki.

---

KaraniWaMizani

Kwangu haipo, yangu sio hiyo ya kulipia kila mwezi. Ya dada nitamwambia aangalie.

---

FundiNachingwea

Ipo kwenye matoleo mapya tu, na unazima kwa kompyuta yako wewe. Faili likienda kwa mhasibu mwingine ambaye hajazima, akadabo kliki akasevu akakurudishia, limekwisha. Kwa hiyo ni nzuri lakini usiitegemee kama mnapeana mafaili.

---

KaraniWaMizani

Sasa la mwisho na ndo gumu. Faili la wiki ya kwanza dada alishalisevu kama CSV, na kwenye mfumo kipindi kile kimeshafungwa, sisi wa chini hatuwezi kukitoa tena mpaka juu wakifungue. Kwenye hilo faili sina sifuri hata moja. Nikitumia TEXT niweke tano au sita?

---

FundiNachingwea

Huwezi kuweka moja kwa wote, ndo shida ya kuchanganya vitabu. Namba pekee haikuambii. Lakini una tarehe na kilo. Kila kituo kinapokea siku zake? Kama kituo cha kwanza kinapima siku fulani na cha pili siku nyingine, tarehe itakupa jibu kwa mistari mingi. Zinazobaki chukua vitabu, angalia nakala zilizobaki kwenye kitabu, linganisha kilo. Ukishajua kituo weka kolamu mpya D ya kituo, halafu

```
=IF(D2="","",TEXT(A2,IF(D2="KITUO 1","00000","000000")))
```

Na usibunie hata mmoja. Usiojulikana uache wazi.

---

KaraniWaMizani

Siku zinaingiliana kidogo, Alhamisi tunapima wote. Ngoja nikahesabu.

---

Kilwa Finest

Kwa nini msimwambie anayetengeneza mfumo azungushie namba alama za kunukuu, "00451", kwenye CSV ili Excel ijue ni maandishi?

---

FundiNachingwea

Excel haijali hizo alama, inazivua na kukata sifuri palepale. Zina kazi ya kulinda koma iliyo ndani ya maandishi tu. Kuna wanaoandika ="00451" ndani ya faili, hiyo kwa Excel inakubali, lakini mfumo mwingine ukija kusoma faili hilohilo unapata alama za usawa na nukuu ndani ya namba ya risiti. Mimi ningeomba mfumo utoe xlsx yenye kolamu ya maandishi.

---

Binti wa Masasi

Mi ningeweka herufi mbele, A00451 na B00451, kila kituo na herufi yake. Inakuwa sio namba tena, hakuna wa kuikata, na mkulima mwenyewe anajua alipima wapi.

---

FundiNachingwea

Nzuri, ila isiwe herufi E katikati ya tarakimu, 004E12 Excel inaisoma kama namba kubwa ya kisayansi. Mbele haina neno. Lakini vitabu vimeshachapwa na wakulima wameshapewa karatasi zisizo na herufi, orodha ikisema A00451 na karatasi inasema 00451, yule mama wa sanduku la vitenge atarudi hapa.

---

Binti wa Masasi

Haha kweli. Basi msimu ujao.

---

Afisa Ugani Mstaafu

Msimu ujao vitabu vinachapwa na nani? Hapo ndo pa kuulizia, sio kwenye kompyuta. Tarakimu tano na sita kwenye chama kimoja nani aliruhusu?

---

KaraniWaMizani

Mzee hilo swali nililiuliza nikaambiwa vya zamani viishe kwanza.

Nimemaliza kuhesabu. Faili lilikuwa na mistari 312. Tarehe zimenipa 241. Vitabu na kilo vimenipa 64 nyingine. Zimebaki 7, zote za Alhamisi, na kati ya hizo kuna mbili namba moja na kilo zinalingana kabisa, 75 na 75, sijui ipi ya nani. Nimeziacha wazi nimempelekea dada, kasema atawaita wenyewe waje na karatasi zao.